"Ifuatiliwe" na nani? Jinsi ninavyogeuza picha ya ubao kuwa kazi zenye wenyewe

Mimi ni mtu wa utawala katika kampuni ndogo ya kuoka mikate na keki hapa Morogoro. Kwa miaka kadhaa, kazi yangu kila kikao kikiisha ilikuwa moja: napiga picha ubao, naituma kwenye grupu la WhatsApp, wenzangu wanaweka dole gumba, mmoja anaandika "Imefika, asante Dada," tunaendelea na maisha. Wiki mbili baadaye tunakaa tena, na kwenye yatokanayo tunakuta mambo yaleyale. Oveni kubwa haijafanyiwa sevisi. Kila mtu aliiona kwenye picha, na kila mtu alijua kuna mwenzake anaishughulikia.

Nilichojifunza kwa shida ni kwamba picha ya ubao hutunza mazungumzo tu. Kazi lazima mtu akae aitengeneze kutokana na picha hiyo, na wa kuitengeneza ni mmoja, siku hiyohiyo, akili ikiwa bado inakumbuka nani alisema nini. Nitawaonyesha kwa kikao kimoja, cha Jumanne tarehe 22 Julai 2025, tulipokuwa tunapanga kufungua duka la pili Jumamosi ya tarehe 16 Agosti.

Kwanza picha yenyewe, kwa ufupi. Zima flashi, na usisimame katikati kabisa ya ubao, maana mwanga wa taa au wa dirisha utakurudia na kufunika maneno. Sogea pembeni kidogo mpaka ule mng'ao uhame. Piga picha moja ya ubao mzima ili ionekane nini kiko karibu na nini, kisha piga vipande vinne vinavyopandana kidogo. Kabla hujamruhusu mtu kufuta, vuta picha kwa vidole usome mstari mmoja mmoja, hasa ulioandikwa kwa makapeni ya kijani iliyokaribia kwisha. Ukiituma WhatsApp, itume kama faili, yaani Document, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa na maandishi madogo hufifia.

Sasa ubao wetu. Ulikuwa na mistari kama kumi na minne, nachukua hii michache:

Mkataba – mwenye nyumba
Leseni ifuatiliwe!! 8/8
Friji J5 – M + fundi
Mashine ya EFD
Bei mpya??
450 (imezungushiwa duara)

Na mshale mwekundu ulitoka kwenye "mkataba" ukaenda kwenye "leseni".

Hatua ya kwanza ni kunakili kama ilivyo, bila kusahihisha. Nisichoweza kusoma naandika "haisomeki", sibahatishi. Sheria hii niliijua baada ya kuumbuka. Ile 450 niliielewa kuwa laki nne na nusu, kodi ya pango kwa mwezi, nikataka kuipeleka kwa mhasibu. Kumbe ilikuwa idadi ya mikate tunayotarajia kuuza kwa siku. Namba bila kipimo ni ya kuulizwa, hata kama una uhakika nayo. Tena uliza hasa pale unapokuwa na uhakika.

Hatua ya pili ni kutenganisha. Si kila kilichoko ubaoni ni kazi. 450 ni taarifa, inaingia kwenye makadirio na kubaki huko. "Bei mpya??" ni swali, na swali haliwezi kufanywa, linaamuliwa. Kwa hiyo nililigeuza kuwa kazi mbili: mtu wa kuandaa hesabu ya gharama ya mkate mmoja, na mtu wa kuamua bei akishaiona hesabu hiyo. Mwamuzi alikuwa Mzee, mkurugenzi wetu. Ukimpa mhasibu "kuamua bei" wakati hana mamlaka hayo, kazi itakwama mezani kwake na lawama zitamwangukia yeye.

Ilipofika "leseni ifuatiliwe" ndipo penye kiini cha makala hii. Kiswahili chetu cha vikao kimejaa vitenzi vya namna hiyo: ifuatiliwe, itengenezwe, lishughulikiwe, waelimishwe. Vina adabu, havimnyooshei mtu kidole, na ndiyo maana tunavipenda. Lakini ndani yake hakuna mtendaji. "Tutafuatilia" nayo ni ndugu yake, maana "sisi" hana simu unayoweza kumpigia. Kazi yangu ni kukivua kitenzi vazi la kutendwa na kukipa mwenyewe. Na "kufuatilia" pia sikubaliani nako, kwa sababu hakuna siku utakayosema kumekwisha. Natafuta kitu kinachoshikika mwishoni.

Hapo mshale ulinisaidia sana. Usiuone mshale ubaoni kama pambo, mara nyingi unasema hiki hakiwezekani kabla ya kile. Maombi ya leseni ya duka jipya yanakwenda manispaa, na huambatishwa mkataba wa pango pamoja na cheti cha TRA cha kuthibitisha kwamba hudaiwi kodi. Kwa hiyo mstari mmoja ulikuwa na kazi tatu ndani yake, zinazofuatana, na mkataba usiposainiwa hata kukimbizana na leseni ni bure.

Kisha tarehe. Ubaoni iliandikwa 8/8, nikafungua kalenda. Tarehe 8 Agosti ni Nane Nane, sikukuu, na mwaka ule iliangukia Ijumaa. Ofisi za serikali zimefungwa, inayofuata ni Jumamosi na Jumapili, na sisi tunafungua duka Jumamosi inayofuata. Hakuna aliyeliona hilo kikaoni, ingawa sote tulijua Nane Nane ni lini! Tarehe halisi ikawa Alhamisi tarehe 7, na kutoka hapo nikahesabu kurudi nyuma. Nilipomaliza, mstari ule mmoja ulisomeka hivi:

Mhasibu ataleta mkataba wa pango uliosainiwa na pande zote mbili, kabla ya saa 10 jioni, Ijumaa 25 Julai.

Mhasibu ataleta cheti cha kodi kutoka TRA, kabla ya saa 10 jioni, Jumatano 30 Julai.

Msimamizi wa duka atawasilisha maombi manispaa na kuniletea uthibitisho wa kupokelewa, kabla ya saa 6 mchana, Ijumaa 1 Agosti. Leseni iwe mkononi Alhamisi 7 Agosti.

Angalieni hiyo sentensi ya mwisho. "Leseni iwe mkononi" haina mtu, na nimeiacha hivyo makusudi, kwa sababu kutoa leseni si kazi ya yeyote kwetu. Ni siku ya kukagua. Mwenye kazi ni aliyepeleka maombi, na kama siku hiyo leseni haijatoka, ndiye anayetuambia imekwama wapi.

Kuhusu siku: kifupi "J5" kinasumbua. Kikao kilikuwa Jumanne, je, ni Jumatano ya kesho au ya wiki ijayo? Tarehe ya picha kwenye simu inakusaidia kujua kikao kilikuwa lini, ila haikuambii mwandishi alimaanisha Jumatano ipi. Niliuliza, ikawa tarehe 30. Tangu hapo siandiki siku bila tarehe, wala saa bila asubuhi, mchana au jioni. Tuliwahi kuandika "4:00" tu kwa ajili ya gari la unga. Dereva akasoma saa nne asubuhi, msambazaji alimaanisha saa kumi jioni, na gari likakaa siku nzima getini.

Na "M + fundi" je? Kwetu karibu kila cheo kinaanza na M: mkurugenzi, mhasibu, msimamizi, mwokaji mkuu. Nikampigia mhasibu.

"Kaka, hii M ya friji ni wewe?"

"Hapana Dada. Mimi nilisema nitauliza bei. Kununua sikusema."

Nikampigia msimamizi wa duka, naye alikuwa anajua friji ni ya mhasibu. Hiyo ndiyo hali ya kazi yenye majina mawili: kila mmoja anamwona mwenzake. Nilipochimba zaidi, nikagundua kwa nini fundi alitajwa: friji ile ya kioo ya kuonyeshea keki inahitaji soketi yake, na upande ule wa duka haukuwa na hata moja. Basi nikaigawa. Fundi umeme aweke soketi na kuijaribu mpaka Jumatatu tarehe 28, msimamizi wa duka apokee friji Jumatano tarehe 30 na anitumie picha ikiwa imewashwa. Mtu mmoja kwa kila sentensi. Wasaidizi wanaweza kuwa watano, sina neno, ila wa kuulizwa ni mmoja.

Simu hizo mbili ndizo watu wengi wanaziruka. Wanachapa orodha na kuimwaga kwenye grupu, halafu mtu anakuta jina lake hadharani kwenye kazi ambayo hakuikubali. Kwa heshima hatabisha mbele ya Mzee. Atanyamaza tu, na kazi haitafanyika. Mimi namuuliza kila mmoja pembeni kwanza: hii ni yako, tarehe hii unaiweza? Akisema siku mbili zaidi, bora niambiwe leo.

Kabla ya kutuma nahesabu pia nani ana ngapi. Safari ile kazi zilikuwa tisa, na tano zilikuwa za mhasibu, tatu kati yake ndani ya wiki moja. Mashine ya EFD nikamwomba Mzee aihamishie kwa msimamizi, akakubali.

Nilituma orodha saa 11 jioni siku ileile, kwa maandishi, picha ya ubao ikiwa chini yake kama ushahidi kwa atakayebisha. Sentensi tisa, zimepangwa kwa tarehe, kwa sababu nikizipanga kwa majina kila mtu husoma yake tu na hajui nani anamsubiri. Asubuhi ya siku ya mwisho ya kila kazi namwandikia mhusika peke yake. Jioni naandika kwenye grupu neno moja: imefanyika, au haijafanyika pamoja na tarehe mpya.

Leseni ilitoka Jumatano tarehe 6. Friji ilichelewa siku mbili. Bei mpya ilikuwa ya Mzee, mwisho tarehe 4 Agosti, na jioni hiyo nilisita sana na simu mkononi kabla ya kuandika: "Bei ya mkate: haijafanyika. Tarehe mpya?" Grupu zima lilikaa kimya kama dakika ishirini. Kisha akajibu, "Kesho saa 3 asubuhi, Mama. Umenikamata."