Muswada wa Dakika 13, Tamasha la Dakika 10

Kabla hujafuta hata neno moja la muswada wa filamu yako fupi, soma upya kanuni ya muda ya tamasha unalolilenga. Wengi huona namba tu na kuruka maneno yanayoifuata. Cannes, kwa mfano, hupokea filamu fupi zisizozidi dakika 15, na dakika hizo zinahesabiwa pamoja na majina ya mwanzo na ya mwisho. Kwa hiyo ukiambiwa dakika 10, hadithi yako haina dakika 10. Toa sekunde 40 za majina, kisha toa nusu dakika nyingine ya akiba, kwa sababu mkato wa kwanza wa mhariri karibu kila mara huwa mrefu kuliko ulivyopanga kwenye karatasi. Zinabaki dakika 8 na sekunde 50. Hiyo ndiyo namba ya kubandika ukutani.

Pima muswada kwa saa, usipime kwa kurasa. Ile kanuni ya ukurasa mmoja sawa na dakika moja ni makadirio, na kwenye filamu fupi hupotosha vibaya. Mstari unaosema "Anapekua nyumba nzima" unachukua nafasi ndogo kwenye ukurasa, lakini ukipigwa picha unaweza kula dakika nzima. Tafuta mtu asome mazungumzo kwa sauti, wewe ushike saa, na penye kitendo inuka ukifanye kweli: fungua mlango, vua viatu, kaa. Andika muda wa kila sini pembeni.

Tuchukue mfano niliouunda kwa ajili ya somo hili. Salma anataka karakana ya saa aliyoiacha baba yao iuzwe, na kaka yake Idi ndiye anayefanya kazi humo. Sini ya 1: Salma ofisini, anapigiwa simu na mnunuzi. Sini ya 2: anamweleza rafiki yake mgahawani kwamba lazima kaka asaini. Sini ya 3: anafika karakana na kumweleza Idi. Sini ya 4: Idi anakuta mkataba kwenye mkoba wa Salma. Sini ya 5: wanagombana nje. Sini ya 6: wanarudi ndani, Idi anasaini. Sini ya 7: Salma anafunga karakana. Saa inasema dakika 13 na sekunde 20. Lazima ziondoke dakika nne na nusu.

Anayeanza hukimbilia maneno: anapunguza hapa, anafuta pale, na baada ya jasho lote amepata sekunde 40. Maneno hayawezi kukupa dakika nne. Anza na sini, kwa sababu kila sini ina nauli yake: mtazamaji aonyeshwe tuko wapi, mhusika aingie, akae, kisha atoke. Ukiifuta sini moja, unafuta na nauli hiyo.

Sasa jiulize kila sini inabadilisha nini. Sini tatu za kwanza zinatwambia jambo lilelile mara tatu, kwamba kuna mnunuzi na Salma ana haraka. Zote tatu zina dakika 5 na sekunde 40. Ziunganishe, na uzihamishie pale ambapo habari hiyo inauma zaidi, yaani mbele ya Idi. Sini ya 3 ilikuwa hivi:

SALMA: Kaka, nimekuja tuongee kuhusu karakana. Nimefikiria sana. Tangu baba afariki wateja wamepungua, na wewe mwenyewe unaona.
IDI: Unataka kusema nini?
SALMA: Nataka kusema kwamba tuiuze.
IDI: Tuiuze? Karakana ya baba?
SALMA: Ndiyo, kaka. Kuna mtu yuko tayari kununua.

Na iliyounganishwa ni hii. Idi ameinama juu ya saa iliyofunguliwa, Salma amesimama mlangoni. Simu ya Salma inaita. Anasita, anapokea.

SALMA: Ndiyo... Bado... Leo, ndiyo.

Anairudisha mkobani.

IDI (bila kuinua kichwa): Anatoa ngapi?

Ofisi, mgahawa na rafiki vimekwenda, na hakuna atakayeviulizia. Sini mpya, pamoja na mabishano yanayofuata swali la Idi, ina dakika 3. Tumeokoa dakika 2 na sekunde 40. Swali la Idi pia linatwambia kwamba alikuwa anajua siku nyingi, jambo ambalo rasimu ya kwanza haikuwa nalo kabisa.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Ukigusa sini moja, umegusa nyingine ambayo hata hukuiangalia. Ikiwa Idi tayari anajua kuna mnunuzi, kuukuta mkataba kwenye sini ya 4 hakumshtui tena, na mwigizaji atalazimika kuigiza mshtuko usio na sababu. Dawa si kuirudisha sini ya mgahawa. Badilisha anachokikuta: mkataba una saini ya Salma tayari. Urefu wa sini ni uleule, na jeraha ni jipya. Kwa hiyo kila ukiunganisha, pitia kurasa zinazofuata ukiuliza mambo mawili tu: nani sasa anajua nini, na je, kuna kitu kinachotumika mbele ambacho utambulisho wake nimeufuta?

Sini za 5 na 6 zina mtego mwingine. Kutoka nje kugombana na kurudi ndani ni mwendo mtupu, nadhani mwandishi alitaka tu kubadilisha mazingira. Ugomvi ubaki ndani, Idi akiendelea kukaza skrubu. Lakini ukizibana ziwe mfululizo mmoja, Idi anakataa katakata na dakika moja baadaye anasaini, na hakuna atakayemwamini. Sini mbili zilizotenganishwa na muda zilikuwa zinafanya kazi kimyakimya: zilimpa Idi saa kadhaa za kufikiri. Muda huo lazima ubaki. Kata ndani ya chumba kilekile: kwanza mwanga wa jua dirishani, kisha taa imewashwa na saa ile imeshafungwa kifuniko. Hicho ni kipande cha mstari mmoja. Kutoka dakika 3 na nusu tumefika 2 na sekunde 20.

Zimebaki sekunde 40, na sasa ndiyo zamu ya maneno. Futa salamu na maagano. Futa swali ambalo jibu lake linajieleza. Futa sentensi inayotaja hisia ambayo mkono au uso umeshaionyesha: kama Idi ameusukuma mkataba ukaanguka, "Sitaki" haina kazi. Jihadhari tu na mtindo wa kukata neno moja moja kila mstari ili ukurasa upungue. Wahusika huanza kuongea kama wanatuma telegramu, na waigizaji huziba mapengo kwa kuvuta pumzi, kwa hiyo saa haisogei. Ni afadhali kuondoa majibizano mazima, mstari na jibu lake. Kimya cha Idi kabla hajashika kalamu usikiguse, hata kama kina sekunde 15. Ukihitaji sekunde hizo, zitafute sini ya 7, ambako Salma hahitaji kuzima kila taa na kuangalia kila ukuta.

Ukimaliza, pima tena kwa saa ileile, na ikiwezekana kwa msomaji mwingine ambaye hakuisikia rasimu ya kwanza. Akikuuliza "huyu mnunuzi ni nani?", mpe jibu ndani ya sini ya kwanza kwa neno moja au mawili kwenye simu. Akiuliza "kwa nini Salma hakumpigia Idi kwanza?", usijibu. Hilo ni swali la mtazamaji aliyeshikwa na hadithi.