Fumbo la mauaji bila uchumba: anzia mahakamani

"Wakuu, natafuta riwaya za kucheza kwenye kompyuta zenye fumbo la mauaji. Nilizojaribu zote zinanilazimisha nichague mchumba. Nianze na ipi?"

Mkuu, anza na Phoenix Wright: Ace Attorney, iliyotoka Japani mwaka 2001. Wewe ni Phoenix, wakili wa utetezi, na hakuna mahali utaambiwa uchague mpenzi. Kesi ya kwanza inamwonyesha muuaji tangu mwanzo, kwa hiyo sikuharibii utamu nikiigusa.

Shahidi anadai aliukuta mwili saa 7 mchana. Ripoti ya daktari inasema kifo kilitokea kati ya saa 10 na 11 jioni. Simama kwenye sentensi ya shahidi inayotaja saa 7, bonyeza Present, toa ripoti. Akijitetea kwamba saa aliisikia kwenye televisheni, mtolee karatasi inayoonyesha umeme ulikuwa umekatika.

Wengi hukwama hapa: ushahidi ni sahihi, ila wanautoa kwenye sentensi jirani. Mchezo unahesabu hilo ni kosa, na makosa 5 yanamtia mteja wako hatiani. Kwa hiyo pitia sentensi zote kwanza kwa Press, maana kumbana shahidi mara nyingi hakukugharimu kitu, na mara nyingine anaongeza maneno yanayomfunga mwenyewe.

Ukinunua mkusanyiko wa michezo mitatu uliotoka 2019, jua kwamba wa tatu unamgusa mpenzi wa zamani wa Phoenix. Usiuruke. Yule dada ni sehemu ya kesi, na mapenzi yenyewe huyachezi wewe.