Kupima ulaji wa methani kwenye tope la jaruba: kwa wanaoanza kazi ya maabara

Ukifunika sehemu ya jaruba la mpunga kwa kisanduku na kupima gesi inayokusanyika ndani, unapata namba moja tu, nayo ni methani iliyofika hewani. Namba hiyo ni baki. Chini, tope lisipokuwa na oksijeni, kuna vijidudu vinavyozalisha methani. Juu yake, pale oksijeni inapopenya, wapo bakteria walao methani, yaani methanotrofu, ambao huigeuza kuwa kaboni dioksidi kabla haijatoka. Majaruba mawili yanaweza kutoa methani sawa ilhali moja linazalisha mara mbili ya jingine, kwa sababu tu walaji wake wana nguvu zaidi. Kwa kuwa kilo moja ya methani hupasha dunia joto takriban mara 27 au zaidi kuliko kilo moja ya kaboni dioksidi katika kipindi cha miaka 100, ni muhimu kujua ni kiasi gani kililiwa njiani. Kwa hiyo inabidi walaji wapimwe peke yao.

Kazi huharibika mapema zaidi pale unapochukua sampuli. Kwenye tope lililofunikwa na maji, oksijeni hushuka milimita chache tu, mara nyingi 2 au 3, na chini ya hapo haipo kabisa isipokuwa kuzunguka mizizi. Mpunga una mirija ya hewa ndani ya shina na mizizi. Hewa hushuka kwa mirija hiyo, baadhi ya oksijeni huvuja kwenye mizizi, na methanotrofu hukaa hapo. Mirija hiyohiyo ndiyo njia kuu ya methani kupanda hewani. Sasa, ukichota tope la sentimita 10 na kulikoroga lote pamoja, umechanganya tabaka jembamba lenye walaji wengi na tope jingi lenye wachache, na namba utakayopata haitaeleza tabaka lolote. Chukua bomba la sindano lililokatwa mdomo, lisukume wima kwenye tope, kisha sukuma tope litoke polepole kwa juu na ukate sentimita ya kwanza peke yake. Tope lililoshika mizizi lifanye sampuli ya pili. Usilikaushe wala kuligandisha, maana vyote viwili huua sehemu ya bakteria unaowatafuta. Lihifadhi kwenye nyuzi 4 za Selsiasi na uanze jaribio ndani ya siku chache.

Kwa jaribio lenyewe, weka gramu 10 za tope bichi kwenye chupa ya kioo ya mililita 120, ongeza mililita 10 za maji yaliyochujwa kutoka jaruba lilelile, kisha funga kwa kizibo cha mpira wa butili na kifuniko cha alumini kilichokazwa. Mpira wa kawaida huvujisha gesi, usiutumie. Vuta mililita 1 ya hewa kwa sindano, ingiza mililita 1 ya methani safi, na utakuwa na takriban asilimia 1 ya methani juu ya tope. Weka chupa gizani kwenye nyuzi 25, juu ya mashine ya kutikisa.

Kutikisa si hiari. Gesi husafiri ndani ya maji polepole takriban mara 10,000 kuliko hewani. Chupa ikitulia, unachopima ni mwendo wa gesi kuingia kwenye maji, wala si njaa ya bakteria. Utalijua kosa hili kwa jambo moja: ukiongeza kasi ya kutikisa na ulaji nao ukaongezeka, basi ulikuwa hutikisi vya kutosha.

Tengeneza chupa tatu za kila sampuli, na pembeni yake chupa tatu za tope lilelile lililouawa kwa mvuke wenye shinikizo. Vuta mililita 0.2 za gesi kila baada ya saa 6 na uzisome kwenye mashine ya kromatografia ya gesi.

Tuchukue mfano. Chupa hai inasoma ppm 10,000, yaani sehemu 10,000 za methani kwa kila milioni ya gesi, mwanzoni, 9,900 baada ya saa 6, kisha 8,900, halafu 7,900, na 6,900 kwenye saa ya 24. Chupa iliyouawa inashuka kutoka 10,000 hadi 9,800 kwa muda wote huo. Saa 6 za mwanzo ulaji ulikuwa mdogo kwa sababu bakteria walikuwa wanaamka, kwa hiyo usizihesabu. Kuanzia hapo kasi ni ppm 1,000 kwa saa 6, sawa na 167 kwa saa. Toa 8 za uvujaji na uvutaji wa sampuli, yaani zile 200 zilizopungua kwenye chupa iliyouawa ukizigawanya kwa saa 24, zinabaki 159. Tope na maji vimechukua karibu mililita 16, hivyo nafasi ya gesi ni mililita 104. Zidisha 159 kwa 104, gawanya kwa milioni, unapata mililita 0.0165 za methani kwa saa. Kwenye nyuzi 25, moli moja ya gesi huchukua lita 24.5, kwa hiyo hizo ni mikromoli 0.67 kwa saa. Tope hili likiwa na asilimia 40 ya maji, gramu 10 zina gramu 6 za udongo mkavu. Jibu ni mikromoli 0.11 kwa gramu kwa saa. Ukisahau kupima unyevu na kugawanya kwa 10, umeshusha jibu kwa asilimia 40, na hakuna kitakachokuonya.

Saa za mwanzo ulizoziacha zina habari yake. Ucheleweshaji wa saa chache ni kawaida. Ulaji ukianza baada ya siku 2 au 3 kisha ukapaa, bakteria walikuwa wachache na wamezaliana ndani ya chupa. Hapo unapima ulichokuza mwenyewe, si kilichokuwa shambani.

Jambo linalowachanganya wengi ni mbolea. Kimeng'enya kinachoshika methani hushika pia amonia, kwa sababu molekuli hizo zinafanana kwa umbo na ukubwa, hivyo ukimwaga amoniamu kwenye chupa mara nyingi ulaji hupungua. Usikimbilie kuandika kwamba urea, mbolea inayogeuka kuwa amoniamu ndani ya tope, inazuia methanotrofu jarubani. Kwenye mizizi, mpunga na bakteria wananyang'anyana nitrojeni, na walaji walioishiwa nitrojeni hawawezi kuzaliana. Hapo mbolea inaweza kuongeza ulaji. Majibu yote mawili ni ya kweli, kila moja kwa hali yake. Pima amoniamu ya maji ya tope lako kabla ya kuamua kiasi cha kuongeza.

Kumbuka pia kwamba jibu la chupa ni uwezo wa juu, penye oksijeni na methani tele. Ukitaka kujua kinacholiwa shambani, weka visanduku viwili jirani, na kimoja kipewe difluoromethani, gesi inayozuia ulaji. Asilimia 1 hivi ndani ya kisanduku huwa yatosha. Ukizidisha sana, wazalishaji wa methani nao huathirika na tofauti uliyokuwa unaitafuta inafifia. Subiri saa kadhaa gesi hiyo ifike kwenye mizizi kabla ya kusoma. Kilichozidi kwenye kisanduku chenye kizuizi ndicho kilichokuwa kikiliwa.