Pell kwenye vyuo viwili semista moja: simama hapo hapo

Swali: "Wakuu habari. Nipo Texas, nina grinikadi, naingia mwaka wa pili yunivasiti. Semista ijayo nataka masomo mawili nichukue yunivasiti na mawili komyuniti koleji maana ada yao nafuu. Kwenye FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali, nimeandika shule zote mbili na zote zimeniletea ofa ya Pell, ile hela ya serikali isiyorudishwa. Inaruhusiwa? Krediti zitahesabika?"

Mdogo wangu usibonyeze Accept ya koleji. Kama umeshabonyeza ingia sasa hivi ukaikatae, halafu ndo urudi usome.

Kusoma vyuo viwili hakuna anayekukataza. Kinachokatazwa ni kulipwa Pell na vyuo viwili kwa kipindi kimoja, na hiyo ni sheria ya serikali kuu, siyo roho mbaya ya karani. FAFSA kukubali orodha ya shule kibao haimaanishi zote zitakulipa, ile orodha ni ya kuzitumia taarifa zako tu, kila shule inakupigia hesabu yake kivyake kama vile utasoma kwake peke yake. Ndo maana umeletewa ofa mbili ukafurahi. Na mimi nilifurahi sana tu.

Ngoja nikupe hesabu uone mtego ulivyo mtamu. Mwaka wa masomo 2024/25 Pell ya juu kabisa ilikuwa dola 7,395, yaani kama 3,697 kwa semista. Siku hizi wanagawa kwa asilimia ya krediti zako juu ya 12, ukiwa na 12 unapata yote, ukiwa na 6 unapata nusu. Mimi nilikuwa na 6 yunivasiti na 6 koleji, kwa hiyo kila shule ikanipa nusu, kama 1,848 huku na 1,848 kule. Jumla ni ile ile ya mtu mwenye krediti 12! Sasa mtu mwenye akili timamu akiona hivyo si anasema hapa sijaiba hata senti? Nilisema hivyo. Na kuna kaka mmoja kwenye grupu letu la WhatsApp, yule anayejibu kila kitu kuanzia kodi mpaka kujifungua, aliandika kwa herufi kubwa kwamba "MRADI HUJAZIDISHA FULL-TIME HAKUNA SHIDA". Kaka popote ulipo, ile hela ningeikata kwako.

Shida ipo na ndo inavyokuja. Vyuo vyote vinaripoti malipo ya Pell kwenye mfumo mmoja wa serikali unaitwa COD. Ukionekana umelipwa sehemu mbili tarehe zinazogongana, mfumo unakuwekea alama wanaiita POP, na vyuo vinapewa siku 30 kuelewana nani ana haki ya kukulipa. Wasipoelewana mfumo unafuta yote hadi sifuri, koleji na yunivasiti. Kwangu walielewana, koleji ndo ikarudisha. Ila koleji ilikuwa imeshakata ada yao humo na chenji ikaja kwangu kama rifandi, na rifandi mimi nilishampa mwenye nyumba. Hela ikarudi serikalini, deni la ada koleji likabaki na jina langu. Akaunti ikafungwa, usajili wa semista inayofuata hakuna. Na bora iwe hivyo maana deni likisajiliwa kwa serikali kama ulilipwa Pell kupita kiasi, basi hakuna Pell wala loni ya serikali chuo chochote mpaka ulipe au mkubaliane namna ya kulipa.

Dada wa dirishani pale koleji nilimuuliza mapema kabisa, "nasoma na yunivasiti, kuna tatizo?" Akasema no problem sweetie. Swiiti kweli. Alijibu kuhusu kujiandikisha, hakujibu kuhusu hela, na mimi sikujua kama ni maswali mawili tofauti.

Sasa njia halali, na kinachouma ni kwamba ningepata hela ile ile. Kuna fomu inaitwa Consortium Agreement, iombe ofisi ya misaada ya fedha pale yunivasiti. Unachagua chuo mama, yaani kile kitakachokupa digrii, na chuo mwenyeji, hapo ni koleji. Chuo mama kinajumlisha krediti za pande zote, 6 na 6 zinakuwa 12, kinakulipa Pell ya 12 chenyewe, koleji haikulipi kitu. Bila fomu chuo mama kinaona 6 tu na unapata nusu. Na ukijifanya unapeleka 9 koleji ukabakiza 3 yunivasiti bila fomu, hata loni hupati kwao, loni inataka angalau 6.

Fomu yenyewe inazunguka. Mshauri wako wa masomo yunivasiti anasaini kwamba somo hilo linahamishika NA linaingia kwenye digrii yako, maana somo lisilohitajika kwenye digrii msaada haulilipii hata kama umepata A. Halafu koleji inasaini kwamba umeandikishwa kwao na wao hawakulipi. Kila chuo kina siku yake ya mwisho, na vingine havisaini kabisa fomu hizi, ndo maana unauliza kabla ya kujiandikisha masomo. Nyingine ambayo hakuna aliyeniambia: koleji inataka ada mwanzoni, ila hela inaingia yunivasiti na wewe unasubiri rifandi ndo ukalipe. Usipolipa kwa wakati wanakudondosha kwenye somo, ukidondoshwa krediti zinapungua, Pell inapigiwa hesabu upya. Kwa hiyo omba koleji wakupangie malipo kidogo kidogo, au uwe na akiba, au uwe na mjomba.

Na semista ikiisha tuma transkripti ya koleji yunivasiti mwenyewe, haiendi yenyewe. Isipofika wanahesabu umejaribu krediti 6 na hukuzipata, hapo unagusa SAP, kile kipimo cha maendeleo ambacho vyuo vingi vinataka uwe umefaulu asilimia 67 ya ulizojaribu.

Krediti haraka haraka: Texas ina namba za pamoja za masomo, ENGL 1301 ya koleji ni ENGL 1301 popote inapotumika namba hiyo, hakikisha umepata C kwenda juu, na kwa kawaida alama haziingii kwenye GPA ya yunivasiti, zinaingia krediti tu. Ila usihamishie zote huko, vyuo vya ukanda wetu chini ya SACSCOC, ile bodi inayothibitisha ubora wa vyuo, lazima angalau robo ya krediti za digrii zitoke kwa chuo kinachokupa cheti, kwa digrii ya 120 ni 30.

Anayesoma hapa akiwa na viza ya mwanafunzi ya F-1 hii ya Pell haikuhusu, huna FAFSA wewe, yako ni kuongea na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo kilichokupa I-20 kabla hujagusa krediti moja ya nje.

Umeshabonyeza Accept au bado? Nijibu hapa hapa, PM sisomi. Na yule kaka wa grupu akikwambia kitu usimsikilize, nimemuona juzi anashauri watu kuhusu talaka.