Barua kwa Mwanangu: Kumuaga Nyanya wa Umoja

"Mama, mwisho wa mwezi ujao nahama Umoja, baada ya miaka 11 katika nyumba ile ile. Nataka kumwandikia Nyanya mwenye nyumba barua ya kumshukuru, lakini kila nikishika kalamu najikuta kwenye mambo ya dipositi. Niandike nini?"

Mwanangu,

Andika barua mbili. Ya kwanza ni notisi, na hiyo mpe sasa, mwezi mzima kabla hujatoka, au mapema zaidi kama mkataba wenu unadai hivyo. Taja nambari ya nyumba na siku ya kuhama, kisha uombe mkague nyumba pamoja. Dipositi, rangi ya kuta na bili ya maji vikae humo. Baki na nakala yenye sahihi yake.

Ya shukrani mpe siku ya kurudisha funguo, hesabu zikishakwisha. Ukiitanguliza, binti yake anayemwekea hesabu atadhani unalainisha njia ya dipositi, na maneno yako mazuri yataharibika bure.

Ndani yake usiseme "asante kwa yote". Nyanya amepangisha watu wengi, na hayo ameyasikia. Mwambie alichokutendea wewe. Mimi ningeanza na mwaka 2020, hoteli ilipofunga na mshahara ukakatika. Wenye ploti wengine walikuwa wakifunga milango ya wapangaji kwa kufuli. Hapo mpe nafasi kubwa kuliko pengine pote, na useme waziwazi, hivi:

"Shikamoo Nyanya. Mwezi wa Aprili 2020 nilikuja kwako na shilingi 6,000 badala ya 12,000. Ulizipokea, ukaandika baki kwenye kitabu chako, ukaniuliza kama watoto wamekula. Hukumtuma keateka mlangoni kwangu hata siku moja. Nilipomaliza deni lile, ulilipiga mstari mbele yangu na hukulitaja tena. Watoto wangu hawakulala nje kwa sababu yako."

Baada ya hapo mstari mmoja unatosha kuhusu maji, jinsi alivyokuwa akikufungulia tangi lake siku za mgao. Ugomvi wa ile paa iliyovuja uache. Ulikwisha, na barua hii huenda akasomewa na wanawe.

Andika kwa mkono, herufi kubwa, ukurasa mmoja, maana macho yake yamechoka. Msomee mwenyewe kabla ya kumwachia. Usimwahidi kwamba utamtembelea kila mara. Wazee hukaa wakingoja. Kama utarudi, andika siku yenyewe, kwa mfano Jumapili ya kwanza ya Desemba, nawe uende.

Usiende mikono mitupu. Sukari na majani ya chai nitanunua mimi, upitie hapa Kariobangi uvichukue.

Mama yako