Scrabble ya mtumba: 98 ni kamili?

"Nauza Scrabble hapa Kisumu, vigae vimefika 98. Naandika kamili? Na umri niweke 8 ama 3?"

Hapana. Seti ya Kiingereza ina vigae 100. Anayesema 98 inatosha amehesabu vyenye herufi tu, akasahau viwili vitupu. Vipange kwanza: E 12, A 9, I 9, Q na Z kimoja kimoja. Herufi zote zikitimia, andika "98 kati ya 100, vitupu viwili havipo". Mnunuzi atakata kadibodi, mchezo uendelee. Ikikosekana Q, itaje waziwazi. Niliuza yangu Kibuye bila kuhesabu, jamaa akairudisha jioni hiyohiyo. (Ya Kifaransa huwa na 102, soma boksi.)

Umri acha 8 ya kwenye boksi, hiyo ni ya kuweza kuunda maneno. 3 ni onyo tofauti, liweke mstari wake: "Haifai mtoto wa chini ya miaka 3, vipande vidogo vyaweza kumkaba koo." Kigae kinapita ndani ya bomba la kadibodi la roli ya tishu bila kugusa, na mdomoni mwa mtoto vilevile.

Bei sijui, hiyo mtapatana.