Stradoli uliyoiuza ikianza kuelemea upande mmoja: maswali na majibu

Maswali ya safari hii yanatoka kwa watu wanaouza stradoli kwa mazoea, yaani kol, haki ya kununua hisa, na puti, haki ya kuiuza, zote za hisa moja, bei moja ya utekelezaji na tarehe moja ya mwisho. Nitayajibu yote kwa mfano mmoja. Hisa ilikuwa 100. Uliuza kol na puti za 100 zikiwa na siku 45, ukapokea premiamu ya 8.40 kwa kila hisa, soko likikadiria mtikisiko wa asilimia 30 kwa mwaka. Leo zimebaki siku 30, makadirio hayo hayajabadilika na bei imefika 107. Kol inauzwa karibu 8.10 na puti 1.10, kwa hiyo kujitoa kutakugharimu 9.20. Una mikataba 10, kila mmoja wa hisa 100. Riba na gawio tuyaweke kando hadi swali la mwisho.

Bei imepanda hadi 107. Nifunge stradoli ya 100 na kuuza ya 107, au nivumilie?

Ukihamisha, unalipa 9.20 kufunga ya zamani na kupokea karibu 7.35 kwa stradoli mpya ya 107 yenye tarehe ileile. Ukijumlisha na 8.40 za mwanzo, mfukoni zinabaki 6.55. Eneo lako la faida, ambalo lilikuwa kati ya 91.60 na 108.40, sasa ni kati ya 100.45 na 113.55. Limesogea juu, na limepungua upana.

Bei ikiendelea kupanda na kuishia 112, stradoli ya zamani ingekupa hasara ya 3.60 ilhali mpya inakupa faida ya 1.55. Hapo umefanya vizuri. Lakini bei ikirudi 100 siku ya mwisho, ya zamani ingekuachia 8.40 zote, na wewe uliyehamisha una hasara ya 0.45. Hiyo ndiyo gharama halisi ya kuhamisha, na haionekani siku unayohamisha. Inaonekana bei ikirudi ilikotoka. Ukihamisha mara mbili au tatu kwa kufuata bei inayopanda na kushuka, premiamu yote inaweza kwisha hata kama hisa imemaliza mwezi pale ilipoanzia.

Kigezo changu ni hiki: sahau kwamba una stradoli ya 100. Je, kama usingekuwa na kitu leo, ungeuza stradoli ya 107 kwa 7.35 zikiwa zimebaki siku 30? Kama ndiyo, hamisha. Kama unahamisha kwa sababu tu hutaki kuona namba nyekundu ya 0.80, usihamishe. Punguza mikataba badala yake.

Wapo wanaohamisha puti peke yake, kutoka 100 kwenda 105, wakiiacha kol ya 100. Wanaongeza premiamu na kupunguza mwelekeo, sawa. Ila sasa bei ya puti iko juu ya bei ya kol, na popote hisa itakapoishia utalipa angalau 5. Kabla ya kufurahia premiamu mpya, toa hiyo 5 kwanza.

Mimi bei ikinikimbia huwa siifungi ya kwanza. Nauza nyingine kwenye bei mpya ili premiamu mpya ifidie. Kuna ubaya gani?

Ubaya ni kwamba hujarekebisha chochote, umeongeza ukubwa. Stradoli ya 100 bado inakuuma kwa kila pointi ya kupanda, na ya 107 inakuja na hatari yake kamili pande zote mbili. Siku bei itakaporuka, utalipa kwa mikataba 20, si 10.

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha Nick Leeson wa benki ya Barings. Pamoja na madau yake mengine aliuza stradoli nyingi za kipimo cha hisa cha Nikkei 225. Tetemeko la ardhi la Kobe, tarehe 17 Januari 1995, liliisukuma Nikkei chini, upande ambao puti alizouza zilikuwa zinamuumiza. Muuzaji wa stradoli bei inaposhuka hujikinga kwa kuuza. Yeye alinunua mikataba zaidi ya Nikkei, akiweka dau kwamba soko litarudi juu. Kwa hiyo puti zilimvuta chini na manunuzi mapya yakamvuta upande uleule. Hasara ilifika pauni milioni 827, na mwezi Februari mwaka huohuo benki ikaanguka.

Akaunti yako ni ndogo kuliko ya Barings, lakini hesabu ni ileile. Kila unapotaka kuongeza kitu, jiulize kama bei ikiendelea ilikoelekea hicho kitu kitakulipa au kitakudai.

Nikijikinga kwa hisa, ninunue ngapi? Na mbona kila nikikinga napoteza kidogokidogo?

Delta ni kiasi ambacho bei ya kol au puti inasogea hisa ikipanda pointi moja. Kwenye 107, delta ya kol ni karibu 0.80 na ya puti karibu hasi 0.20. Kwa kuwa umeziuza, stradoli moja inakufanya uwe kama umeuza hisa 60, na kumi zinakuwa kama 600. Ukinunua hisa 600, mwelekeo wako kwa dakika hiyo ni sifuri.

Kwa dakika hiyo tu. Gama ya nafasi hii, yaani kasi ya delta kubadilika, inaongeza upungufu wako kwa karibu hisa 60 kila bei inapopanda pointi moja, na inaupunguza hivyohivyo ikishuka. Ndiyo maana bei ikienda 109 unahitaji hisa nyingine 120, na ikirudi 107 una 120 za ziada za kuuza. Umenunua juu, umeuza chini. Hasara hizo ndogo si uzembe wako. Ni sehemu ya biashara hii: muda unakulipa kila siku, nawe unarudisha sehemu kupitia hisa. Swali la kweli ni kama unarudisha kidogo kuliko unachopokea.

Kipimo chake ni rahisi. Gawanya makadirio ya mtikisiko kwa 16, ambayo ni karibu kipeuo cha pili cha siku 252 za soko kwa mwaka. Asilimia 30 gawa kwa 16 ni karibu asilimia 1.9, na kwa hisa ya 107 hiyo ni pointi 2 hivi kwa siku. Hisa ikitembea chini ya pointi 2 kwa siku kwa kawaida, malipo ya muda yanashinda. Ikitembea zaidi, kinga ya hisa haitakuokoa hata uifanye kwa ustadi gani, kwa sababu uliuza mtikisiko kwa bei ya chini kuliko ulivyo. Andika mwendo wa kila siku kwa wiki mbili. Ukiona 3, 2.5, 4 zinajirudia, dawa ni kufunga.

Kuhusu mara ngapi, sipendi kukinga kwa saa. Weka ukanda. Kwa mfano huu ningesubiri delta ipotoke kwa hisa 120 hivi, ambazo ni sawa na mwendo wa pointi 2. Ukanda mwembamba kuliko mwendo wa kawaida wa siku unamlisha dalali kwa kamisheni na pengo la bei, basi.

Na si lazima ununue zote 600. Ukinunua 300 na bei ikaishia 100, unabaki na faida ya 6,300. Ukinunua 600 unabaki na 4,200. Bei ikiishia 112, mwenye 300 ana hasara ya 2,100 na mwenye 600 ana hasara ya 600. Chagua kwa kuangalia ni hasara ipi huwezi kuibeba.

Mbawa niziweke tangu mwanzo, au ninunue bei ikishaanza kukimbia? Zinakula premiamu.

Mbawa ni kol ya juu na puti ya chini unazonunua ili hasara iwe na kikomo. Siku ya kwanza kol ya 115 ilikuwa karibu 0.50. Puti ya 85 tuseme nayo 0.50, maana puti za chini huwa ghali kidogo kuliko hesabu tupu inavyoonyesha. Mbawa zote mbili zingekugharimu 1.00, ukabaki na 7.40, na hasara yako kubwa kabisa ingekuwa 7.60 kwa hisa popote bei iendako. Leo kol hiyohiyo ya 115 ni karibu 1.05. Pointi saba za kupanda zimeifanya iwe ghali maradufu japo siku 15 zimepita. Likitokea jambo la kutisha na makadirio ya mtikisiko yakapanda, itakuwa ghali zaidi.

Bado naona inafaa kuinunua leo kama hukuinunua. Inashusha upungufu wako kutoka hisa 60 kwa stradoli hadi karibu 40, na haikulazimishi kununua juu na kuuza chini.

Tofauti yake na hisa inaonekana bei inaporuka usiku. Tukihesabu hadi siku ya mwisho, hisa ikiamka 125 na kubaki hapo, stradoli tupu inapoteza 16.60. Mwenye hisa 60 kwa kila stradoli anapoteza 5.80, na mwenye mbawa ya 115 anapoteza 7.65. Hisa zimeshinda. Sasa igeuze: hisa ikaamka 85. Mwenye hisa anapoteza 6.60 kwenye puti na 13.20 kwenye hisa zenyewe, jumla 19.80. Mwenye mbawa anapoteza 7.65 tu. Hisa hukinga upande mmoja kwa kuufungua mwingine. Kwa hiyo kabla ya matokeo ya kampuni, siku bei inaporuka bila kukupa nafasi ya kurekebisha, mimi sitegemei hisa. Nanunua mbawa, pamoja na ile ya 85 ambayo kwa sasa ni ya bei ndogo sana, au nafunga.

Kol yangu ya 100 imeshaingia ndani sana na kampuni inalipa gawio wiki ijayo. Naweza kutekelezewa mapema?

Ndiyo, kama opsheni ni za mtindo wa Kimarekani, zinazoruhusu utekelezaji kabla ya tarehe ya mwisho. Linganisha gawio na bei ya puti ya 100. Puti ni 1.10. Gawio likiwa 1.50, mwenye kol anafaidika kuitekeleza siku moja kabla hisa haijaanza kuuzwa bila gawio, na wewe utaamka umeuza hisa 1,000 usizo nazo huku ukidaiwa 1,500 za gawio. Likiwa 0.40, hana sababu. Fanya ulinganisho huo upya alasiri ya siku ya mwisho kabla ya kukatwa gawio, kwa sababu puti ya 1.10 leo inaweza kuwa 0.60 wiki ijayo bei ikiendelea kupanda. Ikishuka chini ya gawio, nunua kol hiyo irudi kwako kabla soko halijafungwa.